Landkruza na dereva, siku moja ni bei gani?

Ujumbe huingia kwenye simu usiku, na mara nyingi unatoka kwa mtu wa karibu: "Shemeji, tunakuja na watoto Agosti. Landkruza na dereva mnatoza ngapi kwa siku?" Swali ni fupi na anayeuliza anategemea jibu fupi. Wengi wetu hapa Arusha tunampa hilohilo analolitaka: laki nne na ushee, au dola mia mbili na kitu, njoo tu tutaelewana. Mteja anazidisha mara nne, anaandika kwenye daftari lake. Miezi mitatu baadaye tuko geti la Loduare, mlangoni mwa Ngorongoro, magari yamepanga foleni nyuma yetu, naye anauliza kwa nini anatakiwa kutoa hela nyingine wakati bei tulishakubaliana.

Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kila mmoja alikuwa na "siku" yake kichwani. Mteja alidhani siku ni kifurushi: gari, mafuta, geti, dereva na kulala kwake, vyote ndani. Dereva alitaja bei ya gari na mtu wa kuliendesha, basi. Nimekuwa upande wa dereva, na siku hizi kazi yangu ni kukaa mezani kutengeneza profoma, zile karatasi za bei anazopewa mteja kabla ya safari. Kwa hiyo ugomvi wa getini naufahamu kwa pande zote mbili.

Kwanza tuelewane maneno. Dereva ninayemzungumzia ni yule anayeendesha gari na papo hapo kuongoza watalii. Ni mtu mmoja mwenye kazi mbili, na ana leseni ya uongozaji mbali na ile ya udereva. Gari lake nalo lazima liwe chini ya kampuni yenye leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA. Binamu yako mwenye Prado nzuri anaweza kukupeleka hifadhini kama familia, lakini akianza kutoza kwa siku bila hiyo leseni, ujue safari inaweza kuishia getini. Na safari ikiitwa "binafsi", maana yake gari ni la kundi lenu peke yenu. Mkiwa wawili au sita, mnalipia gari zima.

Sasa tuje kwenye kiini cha mkanganyiko. Safari ya siku nne ina gharama zinazohesabiwa kwa mita tofauti kabisa. Mshahara wa dereva unahesabiwa kwa siku. Dizeli inahesabiwa kwa kilomita. Kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa kichwa, na tena kwa saa 24. Kulala kwa dereva kunahesabiwa kwa usiku. Ukizilazimisha zote ziingie kwenye namba moja inayoitwa bei ya siku, namba hiyo itakuwa sahihi kwa safari moja tu duniani, ile uliyoipigia hesabu. Mteja akibadilisha kitu kimoja, mmoja wenu anaumia.

Tuchukue safari moja tuifuate mpaka mwisho. Ni familia ya watu wanne: baba Mtanzania anayeishi nje mwenye pasi ya hapa, mama raia wa nchi nyingine, na watoto wawili wa miaka 8 na 12 wenye pasi za mama yao. Siku ya kwanza wanatoka Arusha, wanazunguka Tarangire, wanalala Karatu. Siku ya pili wanapita Ngorongoro kuingia Serengeti na kulala kambi ya umma Seronera. Siku ya tatu wako Serengeti kutwa. Siku ya nne wanatoka, wanashuka kreta ya Ngorongoro, na jioni wanarudi Arusha. Mahema na mpishi wanakodi kwa mtu mwingine, hilo ni deni lingine na sitaligusa.

Gari lenyewe

Watu wakisikia bei ya siku hudhani sehemu kubwa ni mafuta. Siyo. Sehemu kubwa ni gari lenyewe, na ndiyo inayowashinda hata wenye magari kuikadiria.

Landkruza nyingi za safari ni zile ndefu zilizokatwa na kuongezwa, viti saba, paa linalonyanyuka, injini ya dizeli ya lita 4.2. Bima yake, leseni zake na marejesho ya mkopo wake ni gharama za mwaka. Kosa la kawaida ni kuchukua gharama hizo na kuzigawa kwa siku 365. Tuseme kwa mwaka zinafika milioni 18. Ukigawa kwa 365 unapata kama 49,000 kwa siku na unajiona una bei ya ushindani. Lakini gari halifanyi kazi kila siku. Aprili na Mei, masika yakiwa yamekaza, linakaa uani linaoga mvua. Likipata siku 150 za kazi kwa mwaka, kila siku ya kazi lazima ibebe 120,000, mara mbili na nusu ya ile hesabu ya kwanza, na hapo hujagusa springi hata moja.

Na springi zitakatika. Lami inaishia Loduare. Kutoka hapo kwenda Naabi, geti la Serengeti, ni kokoto na makorongo madogo yaliyopangana kama ubao wa kufulia, gari linatetemeka mpaka boliti zinajifungua zenyewe. Matairi, shokamzoba, vichungi vya hewa vilivyojaa vumbi, vyote vinaliwa na barabara hiyo. Kwa mfano wetu nitaweka 250,000 kwa siku kwa ajili ya gari na 60,000 kwa ajili ya dereva. Ni namba za kufanyia hesabu, kila mtu ana zake, lakini ukiona mtu anakupa gari, dereva na mafuta kwa laki mbili jumla, muulize matairi yana umri gani.

Mafuta: siku hazilingani

Ukimuuliza dereva gari linakula kiasi gani, atakwambia kilomita nane kwa lita. Ni kweli, kwenye lami. Hifadhini linatembea gia ya pili na ya tatu, linasimama na kuondoka mara hamsini, na kutoka chini ya kreta linapanda kwa gia nzito. Huko linashuka hadi tano. Njia ya kujua la kwako ni ya kizamani: jaza tangi mpaka juu, sogeza kipima safari kwenye sifuri, nenda safari nzima, rudi ujaze pampu ileile mpaka palepale. Gawa. Mimi natumia wastani wa kilomita sita kwa lita kwa safari za kaskazini.

Familia yetu itatembea takriban hivi: siku ya kwanza kilomita 265, ya pili 200, ya tatu 120 za kuzunguka tu, ya nne 345. Jumla ni 930, yaani lita 155. Tukichukua dizeli kwa 3,000 kwa lita, ni 465,000 kwa safari nzima, au kama 116,000 kwa siku. Naipandisha mpaka 120,000, kwa sababu gari likisimama kwa simba saa nzima injini ikiwa inaunguruma linaweza kunywa karibu lita moja ambayo kipima safari hakiioni, na kwa sababu ukilazimika kuongeza mafuta Seronera utalipa zaidi ya bei ya mjini.

Lakini angalia ndani ya huo wastani. Siku ya tatu inakula dizeli ya 60,000. Siku ya nne inakula ya zaidi ya 170,000. Siku nyepesi inambeba mwenzake mzito. Ndiyo maana mteja akija na wazo la "tufanye siku mbili tu, Arusha Serengeti na kurudi, kwa bei ileile ya siku", huwezi kukubali. Kwenda na kurudi Seronera peke yake ni kama kilomita 660, ongeza mia moja za kuzunguka, unafika 760. Hizo ni lita 127, yaani 190,000 kwa siku badala ya 120,000. Kila siku unatoa 70,000 mfukoni kumsaidia mteja atembee haraka. Ameondoa siku nyepesi na kukuachia nzito.

Kuna wanaosema, "basi mafuta nitaweka mwenyewe." Inawezekana, na kwa wageni wanaojua nchi ni sawa kabisa. Sharti ni tangi likabidhiwe limejaa na lirudi limejaa, kwenye pampu ileile, na wote wawili mkiwa mmesimama hapo. Msipofanya hivyo mtagombana kuhusu mshale wa geji, na geji za Landkruza nyingi za zamani hazina ukweli wowote.

Jambo la mwisho la mafuta ni tarehe. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Karatu si ya Arusha mjini. Ukitoa bei Januari kwa safari ya Agosti, umefunga bei ya kitu ambacho kitatangazwa upya mara saba. Andika kwenye profoma kwamba hesabu imefanywa kwa 3,000 kwa lita, na kwamba ikipanda zaidi ya asilimia kumi, tofauti italipwa. Mteja mwenye akili hachukii sentensi hiyo. Anachochukia ni kuisikia siku ya kuondoka.

Geti: siku ya hifadhi haianzi asubuhi

Hapa ndipo pesa nyingi ilipo, na hapa ndipo mimi niliwahi kuungua. Mwaka wangu wa kwanza kutoa bei nilimwambia mteja dola kadhaa kwa siku "kila kitu ndani", nikahesabu Ngorongoro mara moja. Tukapita kwenda, tukapita kurudi, na kurudi huko nikalipa mimi. Faida yote ya safari iliishia pale dirishani, na bado nilitakiwa kutabasamu mpaka Arusha.

Viingilio haviwezi kukaa ndani ya bei ya siku ya gari kwa sababu vinategemea pasi na umri wa kila abiria, vitu ambavyo dereva havijui mpaka aulize. Mgeni asiye mkazi, mtu mzima, Serengeti analipa dola 70 katika msimu wa juu na 60 kati ya 15 Machi na 15 Mei. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 analipa 20. Chini ya miaka mitano bure. Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi ambacho ukikiweka kando ya dola 70 kinaonekana kama nauli ya daladala. Kwa hiyo baba wa familia yetu na mkewe wamekaa kiti kimoja, wanaangalia twiga mmoja, na tiketi zao ziko mbali kama Arusha na Kigoma. Ila baba aje na pasi au kitambulisho cha taifa mkononi. Kiswahili safi na jina la Kichaga havikubaliki getini.

Halafu kuna VAT. Viwango hivyo vinavyotajwa midomoni havina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Dola 70 inakuwa 82.60. Dola 60 ya Ngorongoro inakuwa 70.80. Tarangire, 50 inakuwa 59. Mtu anayetoa bei kwa kichwa bila kuongeza kodi amejipunguzia karibu asilimia 15 bila mteja hata kuomba punguzo.

Sasa saa. Tiketi ya Serengeti inahesabiwa saa 24 tangu dakika uliyoingia, na kuingia ni Naabi, siyo Loduare. Familia yetu inatoka Karatu asubuhi, inapita Ngorongoro, inafika Naabi saa nane mchana. Tiketi ya kwanza inaisha saa nane mchana siku ya tatu. Ya pili inaisha saa nane mchana siku ya nne. Kwa kalenda wamekaa Serengeti siku tatu: ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa geti wamekaa mbili. Hii ni faida kwao, mradi watoke kabla ya saa nane. Siku ya nne watoto wakiona chui juu ya mti karibu na Seronera na mama akasema tusubiri ashuke, dereva ataanza kuangalia saa. Wateja hudhani amechoka. Anahesabu: kutoka Seronera mpaka Naabi ni kilomita kama 45, saa moja kwa mwendo wa hifadhini, na ikipita saa nane mnadaiwa siku nyingine.

Ngorongoro ni mamlaka nyingine, wala siyo TANAPA inayosimamia Serengeti na Tarangire, na tiketi ya mmoja haimhusu mwenzake. Barabara kuu ya kwenda Serengeti kutoka Arusha inapita katikati yake, kwa hiyo hata kama hushuki kreta, unalipa kwa kupita. Familia yetu inapita siku ya pili asubuhi na inarudi siku ya nne mchana. Zimepita zaidi ya saa 24. Wanalipa mara mbili. Hakuna ujanja hapo, labda ubadilishe njia na kutokea magharibi, Ndabaka, uende Mwanza.

Na kreta ina ada yake, dola 250 kabla ya kodi, 295 pamoja na kodi, kwa kila gari linaposhuka. Angalia mita imebadilika tena: hii haihesabu vichwa. Watu wawili wakishuka wanagawana 295 kwa wawili, watu sita kwa sita. Ndiyo maana wanandoa wawili huona Ngorongoro ghali kupindukia huku kundi la marafiki sita likishangaa malalamiko yao.

Tujumlishe ya mama na watoto tu, baba tumwache na shilingi zake. Tarangire dola 94.40. Serengeti tiketi mbili kila mtu, 259.60. Ngorongoro mara mbili, 236. Kreta 295. Kulala kambi ya umma usiku mbili, 35.40 kwa mtu mzima na 5.90 kwa mtoto kila usiku, 94.40. Jumla ni dola 979.40. Kwa kubadilisha rahisi ya 2,500 ni karibu milioni mbili na laki nne na nusu. Linganisha na gari: 250,000 na 60,000 na 120,000 ni 430,000 kwa siku, mara nne 1,720,000. Mageti yamelishinda gari, dereva na dizeli vyote kwa pamoja, na hapo mmoja wa wanne ni mwenyeji. Mtu akikwambia bei yake ya siku ina "park fee ndani" bila kukuuliza mna watu wangapi, pasi gani na umri gani, ama hajui anachokisema au ameongeza cha kutosha kujilinda.

Malipo yenyewe hayafanyiki kwa noti dirishani. Kampuni inatengeneza bili, inapata namba ya kumbukumbu ya malipo, inalipa benki au kwa kadi. Hii ina maana dereva anataka pesa ya mageti kabla ya safari, na ana haki ya kuitaka. Si tamaa. Na kwa kuwa viwango hupitiwa upya, mara nyingi mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, profoma ya Februari kwa safari ya Agosti iseme wazi kwamba ada za hifadhi zitalipwa kama zitakavyokuwa siku ya kuingia.

Kwa walioko Kenya, msihamishe hesabu hii ya saa 24 kama ilivyo. Maasai Mara, tangu 2024, tiketi ni ya saa 12, kutoka asubuhi hadi jioni, na kwa mgeni asiye mkazi ni dola 100 nusu ya kwanza ya mwaka na 200 kuanzia Julai. Ujanja wa kuingia saa nane mchana ili kupata asubuhi ya kesho haufanyi kazi pale.

Kusubiri

Kuna kusubiri kwa aina mbili, na moja tu ndiyo inayolipiwa. Ukishanunua siku ya dereva, saa zake za mchana ni zako. Ukitaka kukaa kwenye kiboko saa mbili, kaa. Ukichelewa kifungua kinywa, umepoteza muda wako mwenyewe. Dereva anayekudai "muda wa kusubiri" ndani ya siku uliyomlipia anakuonea.

Ya pili ni nje ya siku. Siku ya kazi ya dereva ni kama saa 12, na hifadhi zenyewe zinailinda, kwa sababu gari haliruhusiwi kuzunguka humo usiku. Tatizo liko mwanzo na mwisho wa safari. Ndege inatakiwa kutua KIA saa mbili usiku, inatua saa sita. Dereva yuko pale tangu saa moja na nusu, na kesho saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa awe amenyooka nyuma ya usukani. Utaratibu ninaoutumia ni huu: saa moja baada ya ndege kutua ni bure, kwa sababu mizigo na uhamiaji vina mambo yao. Baada ya hapo ni 20,000 kwa saa. Mteja akinitumia namba ya ndege, namwangalizia mwenyewe na dereva hatoki Arusha mapema, kwa hiyo mara nyingi hakuna cha kulipa.

Mwisho wa safari ni hatari zaidi. Familia yetu ikichelewa kreta mpaka geti la Loduare lifungwe jioni, siyo tena suala la saa mbili za ziada. Ni usiku mzima usiopangwa ndani ya Ngorongoro, kwa abiria na kwa dereva. Hiyo niiandike nani analipa? Naandika hivi: wakichelewa kwa hiari yao, wao, gari likiharibika, mimi. Pancha ni ya kwangu. Springi ni ya kwangu. Chui ni wa kwao.

Usiku wa dereva

"Dereva si analala kwenye gari?" Nimeulizwa hivyo na watu wema kabisa, hata na mama mmoja aliyekuwa ananiandalia sahani ya pilau wakati anauliza. Dereva wetu siku ya nne ana kilomita 345, nyingi za kokoto, na watoto wawili kiti cha nyuma. Mtu huyo alale kitandani.

Anapolala panategemea mnapolala ninyi. Karatu anapata gesti yake mjini. Seronera kwenye kambi ya umma anapiga hema lake dogo pembeni, anakula na mpishi. Mkilala loji kubwa ndani ya hifadhi, nyingi zina vyumba vya madereva na bei yake maalumu, ambayo kwa baadhi ya sehemu ni kubwa kuliko gesti nzuri ya Karatu, na huwezi kumhamishia mahali pengine kwa sababu mji wa karibu uko nje ya geti. Kwa hiyo uliza loji bei ya dereva kabla ya kutoa bei yako. Kwa mfano wetu naweka 40,000 kwa usiku, kulala na kula, usiku tatu, 120,000. Usiku huhesabiwa moja pungufu ya siku. Nimeona profoma zilizozidisha kwa nne, na mteja akigundua hilo anaanza kutilia shaka mistari yote.

Bahashishi haimo humu. Mteja akifurahi atatoa, asipofurahi asitoe. Anayepunguza mshahara wa dereva kwa kutegemea bahashishi ya mgeni amehamisha gharama yake kwenye mfuko wa mtu ambaye hajamuuliza.

Profoma inavyosomeka

Basi yule shemeji wa usiku simjibu kwa namba moja. Kwanza namuuliza tarehe, njia, pasi, umri wa watoto. Kisha namwandikia hivi:

"Shemeji, Landkruza ya viti saba na dereva mwongoza watalii, siku nne kuanzia 10 Agosti, kutoka Arusha na kurudi Arusha: 430,000 kwa siku, jumla 1,720,000. Humo kuna gari, dereva, na dizeli ya hadi kilomita 950 kwa njia tuliyokubaliana, kwa hesabu ya 3,000 kwa lita. Kulala na kula kwa dereva usiku tatu, 120,000. Ada za hifadhi kwa watu wanne, kreta mara moja na kambi ya Seronera usiku mbili ziko kwenye karatasi ya pili, pamoja na VAT na kiingilio cha gari, zitalipwa wiki mbili kabla kwa viwango vya siku ya kuingia. Serengeti ni tiketi mbili, tukitoka Naabi kabla ya saa nane mchana siku ya nne. Ngorongoro tunalipa mara mbili, kwenda na kurudi. Kukupokea KIA ni 130,000, saa ya kwanza ya kusubiri bure. Mahema, mpishi na bahashishi havimo."

Ni ndefu kuliko "laki nne na ushee". Wengine wakiiona wanaenda kwa anayejibu kwa neno moja, na sina la kufanya. Wanaobaki, getini wanajua kabla yangu kinachofuata. Bei ya mteja wa hapa naitoa kwa shilingi, maana tangu Machi 2025 kanuni za fedha za kigeni haziruhusu kutangaza wala kulipa huduma za ndani kwa dola.

Swali linalofuata huwa lilelile. Shemeji ameona kuna ndege ndogo kutoka Seronera kwenda Zanzibar, na anataka siku ya nne waruke badala ya kurudi kwa gari. "Basi toa siku moja," ananiandikia. Sitoi. Wao watakuwa baharini, lakini gari litabaki Seronera na lazima lirudi kilomita 330 bila mtu, dereva akiwa na siku yake ya kazi na dizeli yake ya 165,000. Kinachotoka ni kreta, dola 295, na tiketi ya pili ya Ngorongoro ya mama na watoto, dola 118, kwa sababu hawatapita tena. Hiyo nitampunguzia yote, bila kuombwa.